Mwalimu wa bodi: Nani humwajiri, nani humlipa, na mzazi ana sauti gani?

MZAZI anayefika shuleni siku ya mkutano wa muhula wa kwanza huko Mulot, mji wa biashara ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok karibu na mto Amala, aghalabu hukuta ajenda zinazofanana na za mwaka uliotangulia. Kuna sala, kuna hotuba ya mwalimu mkuu, kuna matokeo ya mtihani. Kisha, jua likiwa limekwisha kupanda na akina mama wakianza kufikiria ng'ombe waliowaacha nyumbani, hutangazwa kwamba serikali haijaleta walimu wa kutosha na kwamba kila mtoto atachanga kiasi fulani ili bodi iajiri walimu wake yenyewe. Watu huulizwa kama wamekubali. Mikono michache huinuliwa, makofi hupigwa, na jambo huwa limepita.

Je, limepita kweli? Makala haya yanafuatilia jambo hilo moja tu, mwalimu anayeajiriwa na bodi ya shule. Ukilielewa hili, utakuwa umeielewa karibu kazi yote ya bodi: ni nani walio ndani yake, mamlaka yao yanakomea wapi, na mzazi wa kawaida anaingilia mlango upi.

Tuanze na bodi yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilifuta mpangilio wa zamani uliokuwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, ambapo shule za msingi zilikuwa na kamati za usimamizi na zile za upili zikawa na bodi za magavana. Sasa kila shule ya umma, ya msingi na ya upili, ina chombo cha jina moja, Bodi ya Usimamizi. Wanachama wake huteuliwa rasmi na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini majina hutoka kwingine. Sita ni wawakilishi waliochaguliwa na wazazi, au na jamii ya mahali pale kwa shule za upili za kaunti. Mmoja hupendekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mmoja ni mwalimu aliyechaguliwa na walimu wenzake. Watatu hutoka kwa mfadhili wa shule. Mmoja huwakilisha makundi maalumu katika jamii, na mwingine watu wenye mahitaji maalumu. Hao ni 13. Juu yao huongezwa mwakilishi wa baraza la wanafunzi, na bodi yenyewe yaweza kuwaalika wengine wasiozidi watatu.

Nafasi hizo tatu za mwisho ndizo zinazosahauliwa sana. Sheria hiyohiyo, katika jedwali lake la tatu, inaunda Chama cha Wazazi ambacho mwanachama wake ni kila mzazi aliye na mtoto shuleni, pamoja na mwakilishi wa walimu. Chama huchagua kamati tendaji yenye mzazi mmoja kutoka kila darasa na walimu wawili, katika mkutano mkuu ambao ni sharti ufanywe ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka. Mwenyekiti wa kamati hiyo na wenzake wawili huingizwa katika bodi. Kwa hiyo wazazi wana milango miwili, si mmoja. Kuna wale sita waliochaguliwa moja kwa moja kwenda kwenye bodi, na kuna watatu wanaopitia madarasani. Mkutano wa Januari ambao watu wengi huuona kama wa kusikiliza tu, kwa kweli ndio wa uchaguzi.

Upande wa mfadhili unahitaji maneno machache, kwa sababu katika nchi ya Wakipsigis mfadhili si jina la mapambo. Shule nyingi za Bomet na Kericho zilianzishwa na makanisa, hasa Africa Gospel Church iliyotokana na kazi ya wamishonari wa Tenwek, na Kanisa Katoliki. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, kampuni za chai ndizo zilizojenga shule za watoto wa wafanyakazi wao. Sheria inampa mfadhili viti vitatu, haki ya kushauri na kusimamia malezi ya kiroho, na wajibu wa kusaidia kwa fedha na majengo. Haimpi mamlaka ya kuajiri wala kufuta mtu peke yake. Anapotaka jambo, analeta kura tatu mezani.

Mtu mwingine wa kutazamwa ni mwalimu mkuu, ambaye kisheria ni katibu wa bodi. Hili linaonekana dogo lakini ndilo kiini cha mambo mengi yanayoharibika. Katibu ndiye anayeita mkutano kwa maagizo ya mwenyekiti, anayeandika kumbukumbu, anayetunza faili na anayejua pesa zimeingia lini. Wajumbe wengine ni wakulima, wenye maduka, wachungaji na walimu wastaafu wanaofika mara moja au mbili kwa muhula. Asiye na karatasi mkononi hawezi kuuliza swali la maana, na mwenye karatasi zote ni yuleyule anayesimamiwa. Simlaumu mwalimu mkuu yeyote kwa hili. Ndivyo kiti kilivyotengenezwa.

Sasa turudi kwa mwalimu wa bodi. Kikatiba, kuajiri walimu wa shule za umma ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Bodi imepewa na sheria kazi ya kuishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti kuhusu upungufu wa walimu, na kuajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu, yaani mpishi, mlinzi, karani. Mwalimu wa bodi amezaliwa katika pengo lililo kati ya mambo hayo mawili: upungufu umeshauriwa, TSC haijaleta mtu, na watoto wamekaa darasani. Hata hivyo pengo hilo lina ukuta wake. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa na tume kufundisha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne jana, hata awe hodari wa hesabu kiasi gani, hana ruhusa ya kushika chaki kwa jina la bodi.

Na pesa je? Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Shilingi 650 zilienda katika akaunti ya vitabu na vifaa, iliyojulikana kote kwa jina la SIMBA, na 370 katika akaunti ya matumizi ya jumla. Viwango vilipanda baadaye, lakini hesabu ya msingi haikubadilika: fedha hizo hazikukusudiwa mishahara ya walimu. Kwa hivyo mwalimu wa bodi hulipwa na mzazi, na hapo ndipo sheria inapokuwa kali kuliko wengi wanavyojua.

Katika shule ya umma hakuna karo ya mafunzo. Malipo mengine yaweza kutozwa kwa masharti matatu. Kwanza, yaidhinishwe na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Pili, mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa sababu hayajalipwa. Tatu, asiyetoa risiti rasmi asipokee pesa. Kazi ya Chama cha Wazazi ni kujadili na kupendekeza. Makofi ya mkutanoni, basi, ni pendekezo tu. Bila kibali, kinachobaki ni mchango wa hiari, na mchango wa hiari ukigeuka kuwa sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani saa mbili asubuhi, si wa hiari tena.

Tuchukue mfano wa shule ya kubuni, ya ukubwa ambao msomaji wa Bomet hataushangaa. Ina wanafunzi 480 na imepungukiwa na walimu watatu. Bodi inaamua kuwaajiri watatu kwa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa miezi 9 ambayo shule huwa wazi. Mkutanoni hesabu inayosomwa ni mara tatu, mara tisa: shilingi 270,000. Lakini bodi ni mwajiri kama waajiri wengine. Inapaswa kuchangia asilimia 6 ya mshahara katika hazina ya NSSF na asilimia 1.5 katika ushuru wa nyumba. Hizo ni shilingi 750 kwa kila mwalimu kila mwezi, na kwa mwaka zinaongeza shilingi 20,250. Jumla halisi ni 290,250, ambayo ni kama shilingi 605 kwa kila mtoto, au zaidi kidogo ya 200 kwa muhula. Mzazi wa watoto watatu atatoa 1,815.

Hesabu hiyo inadhani kwamba kila mtu atalipa. Hatalipa. Tuseme watoto 336 kati ya 480 wamelipiwa kikamilifu, yaani asilimia 70, kiwango ambacho katibu yeyote angekipokea kwa shukrani. Zitapatikana shilingi 203,280. Pengo ni kama 87,000, na kwa kuwa walimu hao watatu wanagharimu 32,250 kwa mwezi, pengo hilo ni zaidi ya miezi miwili na nusu ya mishahara. Ndiyo maana mwalimu wa bodi huonekana sana muhula wa kwanza, hupungua muhula wa pili, na muhula wa tatu hutafuta kibarua kwingine huku darasa lake likiunganishwa na jirani. Tatizo hili halikuanza Septemba. Lilianza siku ile bajeti ilipoandikwa kana kwamba wazazi wote watalipa na kana kwamba NSSF haipo.

Bodi inayojua kazi yake huanza upande wa pili. Hutazama daftari la risiti la mwaka uliopita, huona ni kiasi gani kiliingia kweli, kisha hukata nguo kwa kitambaa hicho. Katika mfano wetu, shilingi 203,000 zinatosha walimu wawili kwa mwaka mzima, ambao wangegharimu 193,500, na zinabaki kama 10,000 za dharura. Walimu wawili wanaolipwa hadi Novemba ni bora kuliko watatu wanaotoroka Agosti.

Kuna jambo lingine linalotegemea mahali. Msomaji wa mbali husikia Bomet akafikiri chai tupu. Chai iko juu, kwenye mvua, kuelekea Kapkoros na Mogogosiek na nchi ya Kericho. Mkulima wa huko anayeuza majani kupitia viwanda vya KTDA hupata malipo kila mwezi, na bonasi baada ya mwaka wa hesabu unaofungwa Juni. Mulot iko chini zaidi, penye ukame kidogo. Hapo ni mahindi, ng'ombe na biashara ya barabarani, na pesa huja kwa siku ya mnada au baada ya mavuno. Bodi mbili zikiandika tarehe ileile ya kulipa, moja itapata na nyingine itapata lawama. Hapa ndipo wawakilishi sita wa wazazi wanapostahili viti vyao, kwa maana hakuna afisa wa wizara anayeweza kujua hayo kuwashinda.

Tena, watoto wengine huvuka daraja. Shule ikiwa upande wa Bomet, bodi yake huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Bomet hata kama sehemu ya wanafunzi wanatoka kwa wazazi wanaopigia kura Narok, Wakipsigis na Wamaasai. Wazazi hao ni wanachama kamili wa Chama cha Wazazi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mtoto aliye shuleni wala si kitambulisho kilichotolewa wapi. Kokwet, baraza la jadi la ujirani ambalo Wakipsigis huliendea kwa mambo mengi, haliwezi kuwachagua wajumbe kwa niaba yao.

Je, kumpa mzazi sauti katika kuajiri kunabadilisha lolote darasani? Swali hili lilijaribiwa hapa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 2005, katika wilaya za wakati huo za Bungoma na Butere-Mumias, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 210. Kwa kura, shule 140 zilipewa fedha ili kamati ziajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza, kwa mkataba wa mwaka mmoja na kwa takriban robo ya malipo ya mwalimu wa serikali. Madarasa yalipungua kutoka wastani wa watoto 82 hadi 44.

Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Watoto waliobaki na walimu wa serikali hawakupanda kwa kiasi cha maana, ingawa darasa lilikuwa limepungua karibu nusu. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba walipanda. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba mwalimu wa mkataba alifika kazini, ilhali baadhi ya wenzake wa serikali, walipoona msaidizi amekuja, walilegeza kamba. Na kuna jambo ambalo halitamshangaza mtu wa kijijini: karibu theluthi moja ya nafasi hizo mpya zilichukuliwa na jamaa za walimu waliokuwa tayari shuleni.

Lakini katika nusu ya shule zile 140, kamati zilipewa mafunzo mafupi. Wazazi wa darasa la kwanza walifundishwa kufuatilia mahudhurio, kuwauliza wazazi wenzao maoni, na kufanya kikao rasmi mwishoni mwa mwaka cha kuamua kama mkataba uendelee. Katika shule hizo, ajira za jamaa zilipungua na utegeaji wa walimu wa serikali ulipungua pia. Hawakupewa pesa zaidi. Walichopewa zaidi ya wenzao ni kazi maalumu, yenye siku yake na karatasi yake.

Kuna onyo pia. Wizara ilipojaribu mpango wa walimu wa mkataba miaka michache baadaye, watafiti wengine, wakiwemo Tessa Bold, Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu, walilinganisha shule ambazo mpango uliendeshwa na shirika lisilo la kiserikali na zile ulizoendeshwa na serikali yenyewe. Kwa shirika, watoto walifaidika. Kwa serikali, faida haikuonekana. Miongoni mwa mambo yaliyotofautiana ni kucheleweshwa kwa mishahara. Mkataba usiolipwa kwa wakati hauna nguvu juu ya mtu yeyote, awe ameajiriwa na wizara au na bodi ya Mulot.

Kutokana na hayo, mzazi anaweza kujua mapema kama uajiri wa shule yake unakwenda mrama. Dalili ya kwanza ni tangazo. Nafasi halisi hubandikwa sokoni, kanisani, kwa chifu, na hutaja somo, mshahara na siku ya mahojiano. Mwalimu akianza kazi Jumatatu na hakuna aliyeona tangazo, kuna mtu aliyejua peke yake. Ya pili ni nambari ya usajili ya TSC, ambayo inapaswa kuwa ndani ya faili kabla ya barua ya ajira. Ya tatu ni barua yenyewe: isiyo na tarehe ya mwisho na isiyotaja nani atatathmini kazi humfanya mwalimu kuwa mtu wa aliyemleta. Ya nne, na ambayo mimi huiamini kuliko zote, ni kuuliza mwakilishi wa darasa ni mara ngapi mwalimu huyo hakufika mwezi uliopita. Akiwa na jibu, kuna anayehesabu.

Penye mashaka, njia si kufunga lango la shule kwa minyororo, jambo ambalo limekuwa likitokea mara kwa mara nchini na ambalo huwanyima masomo watoto walewale wanaodaiwa kutetewa. Bodi ina kamati zake, mojawapo ikiwa ya fedha na ununuzi na nyingine ya ukaguzi. Mwakilishi wa darasa hupeleka swali kwa mwenyekiti wa Chama cha Wazazi, ambaye ana kiti katika bodi na anaweza kuomba liingie katika ajenda, na jibu liandikwe katika kumbukumbu. Sheria inaitaka bodi iandike taarifa ya kila muhula kuhusu kazi zake zote na kuipeleka kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Suala lililoandikwa katika kumbukumbu halina budi kuonekana humo, na likikosekana, wazazi wanaweza kuandika barua yao kwa bodi hiyo ya kaunti, wakiambatanisha nakala za risiti.

Risiti hizo basi zihifadhiwe. Aliyelipa kupitia simu auombe ujumbe uandikwe jina la mtoto na darasa lake, na bado adai risiti ya shule, kwa kuwa ujumbe wa simu unathibitisha kwamba pesa zilitoka, hauthibitishi kwamba ziliingia katika vitabu vya shule.